Shajara ya mradi: kusoma joto la kale kwa oksijeni ya barafu na ya makombe

Lengo nililoanza nalo lilikuwa dogo. Nilitaka kujua bahari ya kina na kilele cha barafu ya Grinlandi vilikuwa baridi kiasi gani enzi ya barafu ya mwisho ilipofika kileleni, miaka 20,000 hivi iliyopita. Nilitaka nifike kwenye jibu kwa mkono wangu, nikitumia takwimu zilizo wazi kwa kila mtu. Nilidhani ni kazi ya wikiendi moja, lakini imekula miezi miwili. Naandika hapa ili atakayerudia njia hii asitumbukie kwenye mashimo yaleyale.

4 Machi. Takwimu zimepatikana

Hatua hii ilikuwa nyepesi. Kwa upande wa bahari nimechukua mkusanyiko uitwao LR04, uliotolewa mwaka 2005 na Lorraine Lisiecki na Maureen Raymo. Wamepanga pamoja vipimo vya oksijeni ya makombe ya viumbe wadogo wa baharini kutoka sehemu 57 za sakafu ya bahari, na mstari wao unarudi nyuma miaka milioni 5.3. Kwa upande wa barafu nimechukua vipimo vya magogo mawili ya barafu yaliyochimbwa juu kabisa ya Grinlandi: GRIP, lililofika kina cha mita 3,029 mwaka 1992, na GISP2, lililomalizika mwaka uliofuata kilomita 28 upande wa magharibi.

Kwa asiyeijua namba hii: oksijeni nyingi duniani ni ya uzito 16, na kidogo sana, chembe 2 hivi katika kila 1,000, ni ya uzito 18. Alama δ18O inasema sampuli yako ina ile nzito zaidi au pungufu kiasi gani ukilinganisha na kipimo cha rejea, na huhesabiwa kwa elfu (‰). Barafu ya Grinlandi yenye −35‰ imepungukiwa na oksijeni nzito kwa sehemu 35 katika elfu kuliko maji ya bahari.

Gharama mpaka hapa: fedha hakuna, saa tatu tu, na nyingi nilizitumia kufuta mistari ya maelezo iliyo juu ya mafaili.

11 Machi. Bahari yangu imeganda

Foraminifera ni kiumbe wa chembe moja anayejijengea kombe la chokaa dogo kama punje ya mchanga. Oksijeni ya kombe hilo hutoka kwenye maji yanayomzunguka, na maji yanapokuwa baridi chokaa hupokea ile nzito kwa wingi kidogo zaidi. Harold Urey alionyesha kwa hesabu mwaka 1947 kwamba tofauti hiyo inaweza kuwa kipimajoto, na wenzake wa Chikago wakaipima maabara miaka michache baadaye. Mimi nimetumia fomula ya Nicholas Shackleton ya mwaka 1974, kwa kuwa inafaa zaidi kwa maji baridi ya chini.

```python
def joto(kombe, maji):
    x = kombe - (maji - 0.20)
    return 16.9 - 4.38*x + 0.10*x**2
```

Hapo `kombe` ni δ18O ya kombe na `maji` ni δ18O ya maji ambamo lilijengwa. Katika LR04 thamani ya leo ni 3.23, na maji ya kina leo nimeyachukulia kuwa 0. Jibu likaja nyuzi 3.1 za Selsiasi. Nikafurahi, maana bahari ya kina kweli ni baridi ya kiasi hicho.

Kisha nikaweka thamani ya kilele cha enzi ya barafu, ambayo ni karibu 5.0, na maji nikayaacha kwenye 0. Jibu: nyuzi −3.2.

Sikushtuka. Nilichora mstari wangu mzuri ukishuka nyuzi sita na nikamtumia rafiki mmoja anayefundisha fizikia. Akajibu kwa mstari mmoja: “Ndugu, maji yako yameganda.” Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida huganda yakifika −1.9 hivi. Bahari iliyo chini ya hapo ingekuwa jiwe la barafu mpaka sakafuni, na hao foraminifera wangu wangeishi wapi?

Basi ukirudia kazi hii weka kizuizi hicho kwenye hesabu tangu siku ya kwanza: jibu lolote la bahari lililo chini ya −1.9 si ugunduzi, ni kosa lako.

17 Machi. Oksijeni iliyokwenda Grinlandi na kwingine

Kosa langu lilikuwa lile neno `maji`. Nililiacha kwenye 0 kana kwamba maji ya bahari hayabadiliki, kumbe enzi ya barafu iliyabadilisha maji yenyewe.

Maji mepesi hugeuka mvuke kwa urahisi kuliko mazito. Wingu likiondoka baharini tayari limepungukiwa na oksijeni nzito, na kila linapotonesha mvua njiani hupoteza nzito kwanza. Likifika nchi za barafu limebaki na mvuke mwepesi sana. Siku za kawaida theluji hiyo huyeyuka na mito huirudisha baharini, hesabu ikafungwa. Wakati wa enzi ya barafu theluji hiyo haikurudi. Ilirundikana juu ya Amerika ya Kaskazini, Ulaya ya kaskazini na Antaktika, na bahari ikabaki na maji machache yaliyo mazito zaidi.

Kiasi gani? Hapa unaweza kukadiria kwa penseli. Usawa wa bahari ulishuka mita 120 hivi, na kina cha wastani cha bahari ni mita 3,700 hivi. Kwa hiyo maji yaliyoondoka ni asilimia 3.2. Tuseme barafu iliyoundwa nayo ilikuwa na wastani wa −32‰. Zidisha 0.032 kwa 32, kisha gawa kwa 0.968 iliyobaki: bahari inakuwa nzito kwa 1.06‰. Waliopima maji ya kale yaliyonaswa ndani ya tope la sakafuni wamepata karibu 1.0‰, na hiyo ndiyo nimeitumia.

Nikaandika `joto(5.0, 1.0)`. Jibu: nyuzi 0.3. Bahari imeyeyuka.

Sasa mgawanyo unaonekana. Kati ya leo na wakati ule kombe limebadilika kwa 1.77‰. Katika hiyo, 1.0‰ ni barafu iliyokaa nchi kavu, na 0.77‰ tu ndiyo baridi ya maji, yaani nyuzi 2.8 hivi. Zaidi ya nusu ya mstari niliouita “joto” haikuwa joto.

Nimejifariji kidogo nilipojua kwamba nimeteleza mahali ambapo hata mabingwa walibishana. Cesare Emiliani, katika kazi yake ya mwaka 1955 iliyofungua uwanja huu, aliona sehemu kubwa ya mabadiliko ni joto la maji na barafu ina mchango mdogo. Shackleton mwaka 1967 akageuza mizani. Hoja yake naipenda kwa wepesi wake: makombe ya sakafuni yanabadilika karibu sawa na ya viumbe wanaoelea juu, ilhali maji ya chini tayari ni baridi sana na hayana nafasi ya kushuka nyuzi nyingi kabla ya kuganda. Kizuizi kilekile kilichoniumbua mimi.

24 Machi. Makosa mawili ya vipimo, moja la kuudhi

La kwanza ni hilo 0.20 lililomo ndani ya fomula. Chokaa na maji hupimwa kwa vipimo vya rejea viwili tofauti, na lazima uhamishe thamani ya maji kabla ya kuyatoa kwenye chokaa. Awali nililisahau kabisa, nikapata leo nyuzi 3.8. Halafu nikaweka 0.27, kwa kuwa ndiyo inayotajwa katika kazi za miaka ya karibuni. Lakini fomula ya Shackleton ilitengenezwa na 0.20, kwa hiyo inatakiwa itumike na 0.20. Kila fomula ina namba yake ya kuhamishia, usichanganye. Jambo la kutuliza moyo ni kwamba kosa hili huzisogeza leo na zamani kwa pamoja, kwa hiyo tofauti kati yao haiguswi sana. Ndiyo maana nimeanza kuamini badiliko la nyuzi 2.8 kuliko ninavyoamini ile 3.1 au ile 0.3 ikiwa peke yake.

La pili liliniudhi, maana lilikula siku nne. Nilitaka kulinganisha LR04 na gogo moja la tope nililolichagua mwenyewe, nikaunganisha takwimu zake kwenye mstari uleule. Pale pale kwenye kiungo joto likaruka nyuzi 2.4. Nikatafuta kosa kwenye umri, kwenye kina, hata kwenye mkondo wa bahari wa eneo hilo, na nikajitungia hadithi nzuri kabisa ya maji ya joto kutoka kusini.

Kumbe ni jamii ya kiumbe. Gogo langu lilipimwa kwa Cibicidoides, na LR04 imewekwa kwenye kipimo cha Uvigerina. Wawili hawa wakiishi bega kwa bega katika maji yaleyale, kombe la Cibicidoides hutoka jepesi kwa 0.64‰ hivi. Dawa ni kuongeza 0.64 kwa thamani zote za Cibicidoides kabla ya kufanya lolote. Dalili ya kosa hili ni rahisi ukishaijua: mruko unaotokea hasa pale ulipobandika takwimu, tena wa ukubwa uleule leo na miaka 20,000 iliyopita, haujatoka baharini. Soma safu ya jamii ya kiumbe kabla ya safu ya namba.

Gharama: saa 19, na hadithi moja nzuri iliyokwenda kapuni.

2 Aprili. Juu ya barafu, hesabu inatoka upesi mno

Nilihamia Grinlandi nikiwa na imani. Hapa hakuna kombe wala fomula ya mraba. Mdenmaki Willi Dansgaard, aliyeanza mwaka 1952 kwa kukinga mvua kwenye chupa nyumbani kwake Kopenhagen, alionyesha kwamba kadiri mahali palivyo baridi ndivyo mvua na theluji yake ilivyo nyepesi. Kwa Grinlandi wenzake baadaye walikusanya theluji ya sehemu nyingi na kupata uhusiano ulionyooka:

```
δ18O = 0.67 * T - 13.7
```

Jaribu kwa kilele cha barafu ya leo, −35‰: T inakuwa −31.8, karibu kabisa na wastani halisi wa mwaka pale juu. Kwa enzi ya barafu vipimo vinacheza kati ya −40 na −42, nimechukua −41.5. Kwanza nikatoa 1.0‰, kwa kuwa bahari iliyotoa mvuke yenyewe ilikuwa imekuwa nzito (somo la tarehe 17 Machi limenilipa hapa), ikawa −42.5. Jibu: nyuzi −43.0. Grinlandi ilikuwa baridi kuliko leo kwa nyuzi 11.

Nikafunga daftari na kuandika “imekamilika”. Neno hilo nimelikata kwa kalamu nyekundu siku kumi na moja baadaye.

13 Aprili. Shimo linakanusha

Barafu nene haipitishi joto haraka. Baridi ya enzi ya barafu iliyozama ndani yake bado haijaisha kutoka, kama ubaridi wa jiwe lililolala nje usiku. Ukishusha kipimajoto katika shimo lililobaki baada ya kuchimba, na ukijua jinsi joto linavyosafiri katika barafu, unaweza kurudi nyuma na kukokotoa juu kulikuwa na baridi gani. Hakuna oksijeni inayohusika. Katika shimo la GRIP kazi hiyo ilifanywa, ikachapishwa mwaka 1998, na jibu lilikuwa kwamba kilele cha enzi ya barafu kilikuwa baridi kuliko leo kwa nyuzi 23.

Mimi nina 11. Hiyo si tofauti ya kusingizia usahihi wa vipimo.

Nilikagua kila mstari wa hesabu na haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika wazo lenyewe: ile 0.67 ilipatikana kwa kulinganisha *mahali* na mahali katika zama hizi, mimi nikaitumia kulinganisha *wakati* na wakati. Nilidhani Grinlandi ya kale ilikuwa Grinlandi ya leo iliyosogezwa kaskazini kidogo.

Kilichonifumbua macho ni hesabu ya kuchezea. Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme leo theluji ya kipupwe ina −42‰ na ya kiangazi −28‰, na zinaanguka nusu kwa nusu. Wastani ni −35. Sasa shusha joto la mwaka mzima kwa nyuzi 20 na uache 0.67 ifanye kazi. Kila msimu unashuka kwa 13.4‰: kipupwe −55.4, kiangazi −41.4. Kama bado zinaanguka nusu kwa nusu, gogo litasoma −48.4. Lakini bahari ya jirani imefunikwa na barafu wakati wa kipupwe, mvuke haupandi, na theluji ya kipupwe karibu haipo. Gogo litasoma namba ya kiangazi peke yake, −41.4. Hiyo ni karibu kabisa na niliyoisoma kwenye gogo halisi.

Barafu haiandiki joto la mwaka. Inaandika joto la siku theluji ilipoanguka. Kipupwe kisicho na theluji hakina shahidi. Hali halisi haikuwa kali kama mfano wangu, na bahari inayotoa mvuke nayo ilipoa, jambo ambalo pia hupunguza mteremko, yaani ile 0.67. Lakini mambo haya yote yanavuta upande mmoja.

Waliotumia joto la shimo kurekebisha kipimo cha oksijeni pale GISP2 walipata mteremko wa karibu 0.33‰ kwa nyuzi, nusu ya ule wa leo. Gawa 7.5‰ zangu kwa 0.33 upate nyuzi 22.7. Inapendeza, ila tusijidanganye: 0.33 imetoka kwenye shimo, kwa hiyo kukubaliana kwake na shimo jirani si uthibitisho kutoka kwenye oksijeni. Oksijeni inanipa umbo la mabadiliko, lini yalianza na yalikwenda kasi gani. Ukubwa wake kwa nyuzi nimeuazima. Na 0.33 hiyo ni ya Grinlandi katika badiliko hili. Usiibebe kwenda nayo Antaktika.

20 Aprili. Nimetafuta Younger Dryas baharini, sijaiona

Kwenye gogo la barafu kipindi cha Younger Dryas, baridi iliyorudi ghafla kati ya miaka 12,900 na 11,700 iliyopita, kinaonekana kama shimo lililochimbwa kwa jembe. Nikafungua LR04 miaka hiyohiyo nikitarajia alama yake. Mstari unateremka taratibu kutoka enzi ya barafu kuja leo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sababu mojawapo iko tumboni mwa minyoo. Tuseme tope linajikusanya sentimita 3 kwa kila miaka 1,000. Miaka 1,200 ya Younger Dryas inakuwa tabaka la sentimita 3.6. Wanyama wanaochimba sakafu hukoroga sentimita 5 mpaka 10 za juu, na tabaka langu limeliwa na kutapikwa pamoja na la kabla yake na la baada yake. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya ninachokisoma ni barafu ya nchi kavu, na milima ya barafu haiyeyuki wala kurundikana kwa kasi ya upepo kubadilika. Ukitaka tukio fupi baharini, tafuta mahali tope linapojaa haraka, makumi ya sentimita kwa miaka 1,000. Mkusanyiko wa dunia nzima haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Angalizo lingine la LR04 nililoliona wakati wa kuhangaika: umri wake umepangwa kwa kuulinganisha na mfano wa barafu unaoendeshwa na mwanga wa jua wa Juni latitudo 65 kaskazini. Ukitumia umri huo kuthibitisha kwamba jua la kaskazini ndilo linaloendesha enzi za barafu, unamwita shahidi uliyemfundisha maneno mwenyewe.

3 Mei. Nyongeza: mistari haiko sawa

Msomaji aliyefuata hatua zangu ameniuliza kwa nini mstari wake laini unapinda ajabu karibu na miaka 600,000. Nilipotazama wangu nikaona una ugonjwa uleule. Faili la LR04 lina mistari 2,115 ya namba, lakini nafasi kati yake hubadilika: kila miaka 1,000 mpaka 600,000, kisha 2,000, kisha 2,500, mwisho 5,000. Nilikuwa nikichukua wastani wa mistari 11 kila mahali, bila kujua kwamba mahali pengine hiyo ni miaka 10,000 na pengine 50,000. Tengeneza kwanza nafasi zilizo sawa:

```python
t = np.arange(0, 1000, 2.0)   # miaka elfu
d = np.interp(t, umri, d18o)
```

Matokeo ya kilele cha enzi ya barafu hayakuguswa, kwa kuwa yako mwanzoni mwa faili.

Kazi iliyobaki ni kuitenganisha ile 1.0‰ bila kuiazima. Kiasi cha magnesi ndani ya kombe lilelile hubadilika na joto la maji bila kujali barafu iliyoko nchi kavu. Ukilipima joto kwa magnesi, kisha ukaliingiza katika fomula ya tarehe 11 Machi, utapata `maji` moja kwa moja. Nimepata gogo moja lenye vipimo vyote viwili. Karibu na 0 mteremko wa magnesi ni mlalo sana, na kosa la kipimo tayari linafika nyuzi moja. Nitaandika nikishajua kama linanifaa.